Kuingia kwenye kazi za teknolojia: chuo, kujifunza mwenyewe au kozi fupi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na vijana waliomaliza sekondari, wahitimu waliokaa bila kazi, na wazazi wanaotaka kujua kama ada wanayolipa ina maana. Majibu yanahusu zaidi Tanzania na Kenya. Nimekaa miaka kadhaa upande wa meza wa wanaosaili waombaji wa kazi ya kwanza ya kuandika programu, kwa hiyo kazi hiyo ndiyo nitakayoirudia mara nyingi.

## Mambo ya mwanzo

Je, naweza kupata kazi ya teknolojia bila shahada?

Unaweza, ila si kila kazi, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Utumishi wa umma na taasisi nyingi kubwa huchuja maombi kwa vyeti kabla mtu hajaangalia unachoweza kufanya. Tangazo la Afisa TEHAMA Daraja la II linalopita kwenye Ajira Portal ya Tanzania huomba shahada ya sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari au fani inayolingana nazo. Hata ukiwa hodari kuliko waombaji wote, bila shahada hiyo hufiki kwenye usaili.

Kampuni ndogo za programu ni kinyume chake. Mwenye kampuni ya watu wanane hana muda wa kukufundisha mwaka mzima. Anataka kuona kitu ulichokijenga, kisha akuulize maswali juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "njia ipi ni bora", jiulize unataka mlango upi. Anayetaka kazi ya serikali akatumia akiba yake kwenye kozi ya miezi mitano amekosea njia, hata kozi iwe nzuri namna gani.

Njia hizi tatu zinatofautiana kiasi gani kwa muda?

Tuhesabu kwa saa, maana miezi na miaka hudanganya. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, shahada ya miaka mitatu ina angalau krediti 360, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mihadhara, maabara na kujisomea kwa pamoja. Hizo ni saa 3,600. Sehemu yake si kuandika programu. Kuna hisabati, stadi za mawasiliano na masomo mengine. Kenya shahada huchukua miaka minne.

Kozi fupi ya kutwa, zile ambazo vijana huziita butikempu, ikichukua wiki 20 kwa saa 40 kila wiki inakupa saa 800, karibu zote zikiwa za kazi ya mikono. Anayejifunza mwenyewe baada ya kazi, saa 10 kwa wiki, atahitaji wiki 80 kufikisha saa hizo hizo 800. Ni mwaka mmoja na nusu. Wengi hukata tamaa mwezi wa nne wakidhani hawana akili ya kompyuta, kumbe wamefikisha saa 160 tu.

Kwenye usaili wa kazi ya kwanza wanapima nini hasa?

Nitachukua kazi moja ya majaribio inayofaa sana kwa soko letu: jenga duka dogo la mtandaoni linalopokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa Kenya wa kuunganisha programu na malipo. Mteja anabonyeza "Lipa", simu yake inapokea ombi la kuweka namba ya siri (ndiyo STK Push), halafu duka linajua kama fedha imeingia. Kuna mazingira ya majaribio ya bure, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kujifunza.

Kosa la kwanza ambalo waombaji hufanya linaonekana ndani ya dakika tano. Ukituma ombi, Daraja hujibu mara moja kwa `ResponseCode` ya `0`. Mgeni huona sifuri, akaandika kwenye hifadhidata kwamba mteja amelipa. Jibu hilo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mteja bado hajaweka namba ya siri. Matokeo halisi huja baadaye, kwenye anwani ya duka lako uliyoitaja wakati wa kutuma ombi:

```json
{"Body": {"stkCallback": {
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
  "ResultCode": 1032,
  "ResultDesc": "Request cancelled by user"
}}}
```

`1032` ni mteja aliyeghairi, na `1` ni salio lisilotosha. Ni `0` ya hapa ndiyo inayosema fedha imelipwa. `CheckoutRequestID` ndiyo inayokuonyesha jibu hili ni la oda ipi, kwa hiyo ni lazima uwe umeihifadhi tangu ulipotuma ombi.

Baada ya hapo nauliza maswali matatu. Jibu hilo lisipofika kabisa, utafanyaje? (Unauliza hali ya malipo wewe mwenyewe baada ya muda, kwa huduma ya Daraja ya kuulizia.) Likifika mara mbili, utampa mteja bidhaa mbili? Na je, funguo zako za siri ziko wapi? Nimeona waombaji wengi waliozipandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, kisha wakafuta faili wakadhani yameisha. Faili iliyofutwa bado imo kwenye historia ya Git, zana inayotunza kila badiliko la msimbo, na dawa yake ni kubadilisha funguo zenyewe.

Kila njia huacha alama yake hapa. Mhitimu wa chuo mara nyingi hupanga hifadhidata vizuri, na swali la jibu kufika mara mbili hulielewa upesi, lakini mfumo wake unaishi kwenye kompyuta yake tu. Anashangaa kwamba Daraja haliwezi kuifikia `localhost`. Aliyetoka kozi fupi ana mfumo uliokwisha kuwekwa mtandaoni, wenye sura nzuri, ila miradi mitatu iliyopita mbele yangu siku hiyo ilifanana na wake, na akitolewa nje ya njia aliyofundishwa hutetereka. Aliyejifunza mwenyewe ana vipande ambavyo hakuna aliyemfundisha, ikiwemo ujanja wa kutafuta kosa kwa saa nyingi bila kuchoka, lakini fedha ameihifadhi kama maandishi na oda zote ziko kwenye jedwali moja. Hakuna pengo kati ya haya lisilozibika kwa miezi miwili. Shida ni kutojua kwamba lipo.

## Kuhusu chuo

Chuo kinanipa nini ambacho siwezi kukipata YouTube?

Kwanza, cheti chenyewe na milango yake, kama ilivyoelezwa kwenye swali la kwanza. Pili, masomo ambayo mtu akijifunza mwenyewe huyaruka kwa sababu hayaonyeshi matokeo haraka: mifumo ya uendeshaji, mitandao, nadharia ya hifadhidata, miundo ya data, takwimu. Mwaka wa kwanza wa kazi hutayahisi sana. Utayahisi siku mfumo wenye watumiaji 50 unapopata watumiaji 50,000 na kila ukurasa unachukua sekunde tisa kufunguka. Anayetaka kufika kwenye utafiti, ujifunzaji wa mashine wa kina au usanifu wa mifumo mikubwa, chuo ndiyo njia fupi ingawa inaonekana ndefu.

Tatu, mafunzo kwa vitendo. Hizo wiki chache za kila mwaka unazopelekwa kwenye taasisi ni nafasi ambayo mtu asiye mwanafunzi huitafuta kwa kuomba sana.

Gharama nayo iangaliwe kwa macho mawili. Mnufaika wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu Tanzania, akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Hiyo iingize kwenye hesabu unapolinganisha na ada ya kozi fupi.

Nimemaliza shahada na sina kazi. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Nafasi za kuanzia ni chache kuliko wahitimu. Ila kuna kasoro moja ninayoiona mno: mradi wa mwaka wa mwisho uliokufa siku ya kuuwasilisha. Ulikuwa mfumo wa kusimamia hosteli au maktaba, ulifanya kazi mbele ya msimamizi, na tangu hapo haujawashwa. Uchukue mradi huo huo, uuweke kwenye seva mtandaoni, mtafute mtu mmoja mwenye hosteli ya kweli autumie kwa mwezi mmoja, kisha andika alilalamikia nini na ulirekebisha nini. Hiyo ni kazi ya wiki sita, na kwenye usaili inakupa la kusema kuliko kozi nyingine ya mtandaoni.

Kwa Kenya, wahitimu wapya waangalie pia Presidential Digital Talent Programme, mpango wa serikali wa intanshipu kwa waliomaliza shahada za TEHAMA na fani za karibu.

Stashahada inatosha?

Kwa ufundi wa kompyuta, usaidizi wa watumiaji na kazi za mitandao, mara nyingi ndiyo. Kwa ngazi ya afisa serikalini, hapana. Uzuri wake ni kwamba inaweza kuwa ngazi ya kuingilia shahada baadaye, na wakati huo huo unaweza kuanza kupata kipato.

## Kuhusu kujifunza mwenyewe

Nianze na nini, maana kila mtu ananiambia lugha tofauti?

Chagua kazi, lugha itajichagua. Tovuti na mifumo ya kwenye kivinjari: HTML, CSS, kisha JavaScript. Data: SQL na Python. Simu za Android: Kotlin. Kama bado hujui unataka nini, anza na kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo kuisoma mtandaoni ni bure. Ni ngumu, na ugumu wake una faida: inakulazimisha kuelewa kompyuta inafanya nini na kumbukumbu yake kabla hujazoea kubebwa na zana. Kwa tovuti, freeCodeCamp na The Odin Project zote ni za bure na zina mpangilio kamili. Shika moja. Nimeona mtu aliyeanza kozi saba na hakumaliza hata moja, na alikuwa na bidii kuliko wote darasani kwake.

Git jifunze tangu wiki ya kwanza. Historia ya kazi yako kwenye GitHub, siku kwa siku, ndiyo cheti chako.

Nitajuaje kama nimeiva?

Funga video. Fungua ukurasa mtupu, ujenge kitu ambacho hakuna somo linalokielekeza: daftari la madeni la duka la mama yako, kwa mfano, lenye wateja, bidhaa, malipo ya kidogo kidogo na salio. Ukikwama utatafuta, hilo ni sawa. Lakini kama huwezi hata kuamua jedwali la kwanza liwe na nini bila kurudi kwenye video, bado uko kwenye hatua ya kufuata. Kunakili msimbo unaoonekana kwenye skrini humfanya mtu ahisi anajua, na hisia hiyo hudumu mpaka siku ya usaili.

Jaribio la pili: mpe mradi wako mtu mwingine aweke jina lenye alama ya `'`, kama Ng'ang'a au Ng'wanamayila. Kama mfumo unaanguka, bado hujajua kuzungumza na hifadhidata kwa usalama, na umejenga mlango wa wezi.

Bando na mashine ni tatizo. Nifanyeje?

Kompyuta iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kwa kazi za tovuti na data. Usinunue ya GB 4 kwa sababu ni rahisi. Utatumia saa zako kungoja. Bando nyingi huliwa na video, si na kazi yenyewe, kwa hiyo shusha nyaraka usome ukiwa nje ya mtandao. The Odin Project ni ya kusoma zaidi kuliko kutazama, na freeCodeCamp ni mazoezi ya kuandika, kwa hiyo zote mbili hutumia data kidogo kuliko kozi za video.

Kwa simu peke yake unaweza kujifunza dhana na sintaksia. Kujenga mfumo mzima kwa simu ni mateso, na sitaki kumdanganya mtu kwamba inawezekana kirahisi.

## Kuhusu kozi fupi

Butikempu inamfaa nani?

Inamfaa zaidi mtu ambaye tayari ana kitu kingine mkononi. Mhasibu wa miaka sita anayesoma uchambuzi wa data kwa miezi minne hatoki akiwa mgeni. Anatoka akiwa mhasibu anayejua SQL, na watu wa namna hiyo hawapatikani kirahisi. Muuguzi anayejua kupima mifumo ya hospitali ni hivyo hivyo. Mhitimu wa sayansi ya kompyuta asiyewahi kufanya kazi kwenye timu naye hunufaika, maana anazibwa pengo lile la kwenye swali la usaili.

Haimfai sana kijana aliyetoka sekondari moja kwa moja na anayetegemea kozi peke yake imfikishe kwenye ajira. Wapo waliofika, lakini baada ya kozi walijifunza wenyewe kwa miezi mingine sita au zaidi. Uwe na chakula na kodi ya nyumba ya miezi hiyo kabla hujalipa ada.

Niulize nini kabla ya kulipa?

Wakikuambia "asilimia 90 ya wahitimu wetu wameajiriwa", uliza asilimia 90 ya nani: walioanza au waliomaliza? Wameajiriwa kufanya nini, na ndani ya muda gani? Mtu aliyebaki kama mwalimu msaidizi wa kozi hiyo hiyo anahesabiwa? Kisha omba kuzungumza na wahitimu wawili wa darasa la mwaka uliopita ambao umewachagua wewe LinkedIn, si waliochaguliwa na ofisi.

Uliza pia ukishindwa kuendelea wiki ya tatu unarudishiwa kiasi gani, na kama kuna mkataba wa kulipa kutoka kwenye mshahara wa baadaye, usome kifungu cha kiwango cha juu cha jumla utakachodaiwa. Mkataba usiotaja kiwango hicho usiusaini.

Kwa nini nafasi za wanaoanza zimekuwa ngumu hata kwa waliofundishwa vizuri?

Kisa cha Andela kinaeleza vizuri. Ilianzishwa Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi, Kampala na Kigali, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wenye kipaji kisha kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza karibu wahandisi 400 wa ngazi ya chini. Sababu waliyoitoa ni kwamba wateja walikuwa wanataka wahandisi wenye uzoefu. Vijana wale walikuwa wamechujwa na kufundishwa vilivyo. Mteja wa mbali ndiye aliyekuwa hataki kumlea mgeni.

Funzo la vitendo hapa ni kutoanzia kwenye kazi za mbali za nje. Mwaka wa kwanza na wa pili utafute mahali penye mtu aliyekutangulia anayeweza kukaa kando yako na kusoma msimbo wako, hata kama mshahara ni mdogo. Kazi za nje zije baadaye.

## Kazi nyingine zaidi ya kuandika programu

Sipendi kuandika programu. Nina pa kuingilia?

Usaidizi wa watumiaji ndio mlango mpana, na stashahada au mazoezi ya nyumbani yanatosha kuuingia. Upimaji wa programu unamfaa mtu mwenye jicho kali na uandishi safi wa ripoti.

Mitandao ina njia yake yenye alama wazi, na hapa cheti cha mtihani hubeba uzito kuliko kozi. CCNA ya Cisco, mtihani namba 200-301, ada yake ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, unafanywa kwa dakika 120 na cheti hudumu miaka mitatu. Huhitaji kununua ruta. Packet Tracer ya Cisco ni ya bure na inaiga mtandao mzima kwenye kompyuta yako. Usilipie mtihani mpaka uweze kugawa mtandao wa `192.168.10.0/24` katika vipande vinne sawa kichwani, bila kikokotoo.

## Hali zisizo za kawaida

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Kwa kampuni binafsi, hapana, hasa ukija na fani yako ya zamani kama ilivyoelezwa kwenye swali la butikempu inamfaa nani. Kwa utumishi wa umma Tanzania, matangazo huweka ukomo wa miaka 45 kwa asiye mtumishi. Ukianza shahada ya miaka mitatu sasa utamaliza ukiwa na 41, kwa hiyo dirisha lipo lakini si pana.

Nimesoma nje ya nchi. Cheti changu kitakubaliwa?

Kwa ajira ya serikali ya Tanzania, shahada ya nje ni lazima ihakikiwe na TCU kwanza, na cheti cha sekondari cha nje kipite NECTA. Anza mapema, kabla tangazo halijatoka. Kumbuka pia kwamba hati ya matokeo ya muda haikubaliwi; wanataka cheti chenyewe.

Sina shahada, lakini nina uzoefu. Naweza kufanya kazi Ulaya?

Ujerumani ipo njia. Tangu Novemba 2023, mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada anaweza kupata Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi, akiwa na angalau miaka mitatu ya uzoefu wa fani hiyo ndani ya miaka saba iliyopita, pamoja na ofa ya kazi inayofikia kiwango cha mshahara kilichowekwa. Uzoefu huo uwe wa ngazi inayolingana na kazi ya msomi wa chuo, na uuthibitishe kwa karatasi. Kwa hiyo barua za ajira, mikataba na maelezo ya majukumu yako vihifadhi tangu kazi ya kwanza. Anayefanya kazi za vibarua kwa makubaliano ya mdomo huja kukwama hapa, na barua ya mwaka 2022 ni vigumu kuiomba kwa kampuni iliyokwisha kufungwa.